Shairi Linapopewa Kiitikio: Vienna, Kairo na Pwani Yetu

Mwaka 1827 Franz Schubert, akiwa Vienna, aliyatungia muziki mashairi 24 ya Wilhelm Müller, mfululizo unaoitwa Winterreise, yaani safari ya majira ya baridi. La tano, "Der Lindenbaum", lina beti sita za mistari minne minne. Linamhusu mtu anayekumbuka mti uliokuwa kando ya kisima nje ya lango la mji, mti aliozoea kuota ndoto kivulini mwake. Sasa anaupita usiku, amefumba macho, na matawi yanamwita apumzike. Katika ubeti wa tano upepo wa baridi unampiga usoni na kofia inamruka kichwani. Hageuki nyuma.

Müller hakuandika kiitikio chochote, wala Schubert hakukitafuta. Beti mbili za kwanza alizipa lahani moja tulivu. Ubeti wa tatu, wa kupita gizani, ukaanza kwa lahani ileile iliyotiwa huzuni. Ulipofika ubeti wa upepo aliitupa lahani yote: piano inavuma, na mwimbaji karibu anasema badala ya kuimba. Ubeti wa mwisho ndipo utulivu unaporudi, nao unaimbwa mara mbili. Kila picha ilipata sauti yake. Gharama yake ni kwamba wimbo huu unamhitaji mwimbaji aliyefunzwa na mpiga piano hodari.

Mwaka 1846 Friedrich Silcher aliichukua lahani ya mwanzo peke yake, akaipangia kwaya ya wanaume, na beti zote sita zikaimbwa kwa lahani hiyo moja. Hivyo ndivyo Wajerumani wengi walivyoujua wimbo huu, na hadi leo huchukuliwa kana kwamba ni wimbo wa asili usio na mtunzi. Maneno ya upepo na kofia yamo yote, hakuna lililokatwa. Lakini yanaimbwa kwa utulivu uleule wa kivuli na kisima, na msikilizaji hahisi baridi yoyote. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza kwa anayegeuza shairi kuwa wimbo: picha inaweza kupotea huku maneno yake yote yakiwa salama. Hata hivyo simlaumu Silcher. Alitaka wimbo ambao watu wa kawaida wataweza kuuimba pamoja, na aliupata. Goethe naye, ambaye mashairi yake yaliimbwa na nusu ya Ujerumani, alipendelea watunzi walioiacha lahani moja izungukie beti zote.

Kairo walishika njia nyingine. Wimbo "Al-Atlal", maana yake magofu, uliimbwa na Umm Kulthum kwa mara ya kwanza mwaka 1966, kwa muziki wa Riyad al-Sunbati. Shairi ni la Ibrahim Nagi, tabibu na mshairi aliyefariki mwaka 1953, kwa hiyo hakuwahi kulisikia likiimbwa. Shairi lake ni refu mno kuimbwa lote. Ilibidi beti zichaguliwe, zipangwe upya, na nyingine zitoke katika shairi lake jingine kabisa. Schubert aliyaheshimu maandishi kwa kuyafuata hatua kwa hatua, ilhali Wamisri waliyaheshimu kwa kuyachagua. Na hapa pia hakuna kiitikio kilichoandikwa. Kinachorudiwa anakiamua mwimbaji jukwaani: hadhira ikipaza sauti kwenye mstari fulani, anaurudia, mara ya pili kwa uchungu, ya tatu kwa madaha. Picha moja ya magofu inaweza kusimama mbele ya wasikilizaji kwa dakika nyingi, ikigeuzwa huku na huku, kabla ya inayofuata kuruhusiwa kuingia.

Mazoea hayo hayakuwa mageni Unguja. Taarabu ya mjini ilikunywa kwa wingi kutoka Misri, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikua kwa ala na lahani za huko. Lakini maneno yalipokuwa ya Kiswahili, kama yale aliyokwenda kuyarekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, yalikuja na kitu ambacho shairi la Müller halikuwa nacho. Shairi letu la mapokeo linazaliwa likiwa limeshapimwa kwa ajili ya koo. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na mara nyingi mshororo wa nne ni kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Mtunzi wa lahani anakuta kiitikio kimeshaandikwa.

Neema hiyo ina upande wake wa pili. Kibwagizo cha tarbia aghalabu ni hukumu: onyo, wosia, fumbo lililofungwa kama methali. Picha zinakaa katika mishororo mitatu ya mwanzo zikiwa ushahidi, na mshororo wa nne unatoa uamuzi. Msomaji hupima ushahidi na uamuzi kwa pamoja. Shairi likiimbwa, kundi zima hupokea uamuzi mara sita au saba, na ushahidi hupita mara moja tu, kwa sauti ya mtu mmoja, ukishindana na fidla. Katika taarabu ya vijembe hilo si kasoro hata kidogo, kwani watu wamekuja kusikia nani kaambiwa nini. Tatizo huanza pale shairi la picha tupu linapolazimishwa kuvaa vazi la namna hiyo.

Mashairi ya picha tupu nayo tunayo. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, washairi wetu wengi wameandika bila vina wala mizani, kwa ajili ya jicho la msomaji anayeweza kurudi nyuma na kusoma tena. Ili kazi ionekane kwa mkono, nimetunga moja fupi la aina hiyo:

Baiskeli ya baba imeegemea mwembe.
Cheni imeshika kutu, magurudumu yamezama mchangani,
kuku wanalala kwenye keria.
Kengele tu ndiyo nzima.
Mtoto wa jirani huigonga akipita,
na mama, unga mkononi,
hutoka jikoni kutazama njia.
Msimu wa maembe, usiku,
hulia yenyewe.

Mtu akiambiwa alifanye hili kuwa wimbo, kiitikio cha kwanza kumjia kichwani kitakuwa cha kumwita baba arudi, tumekukumbuka. Kitaimbika vizuri, na kitaliua shairi. Shairi halikusema popote kwamba baba amekumbukwa, wala kama amekufa au amehama. Lilionyesha mwanamke anayetoka jikoni. Ukimwambia msikilizaji jambo ambalo picha ilikuwa ikimwongoza kuligundua, picha inabaki pambo.

Basi nikatafuta tendo linalojirudia lenyewe ndani ya shairi. Ni moja tu: kengele na mama kutazama njia. Tendo lenye mazoea ndiyo mali bora ya kiitikio, kwa sababu kurudiwa ni sehemu ya maana yake. Nikalipima kwa vipande vya mizani nane:

Kengele inapolia,
mama, unga mkononi,
njia huiangalia,
kisha hurudi jikoni.

Maneno ya kurudi jikoni hayakuwamo ukurasani. Nimeyaongeza kwa sababu kiitikio lazima kifunge duara, ili mama awe tayari kutoka tena baada ya ubeti unaofuata. Sasa beti. Baada ya ule wa kwanza, unaoionyesha baiskeli, kila mmoja unatakiwa umpe mama sababu mpya ya kusikia kengele ileile.

Ya baba imeegama,
mwembeni imeshakwama,
gurudumu limezama,
kuku keria walala.

Mtoto huja kucheza,
kengele huichokoza,
hana alichopoteza,
jioni huenda lala.

Embe bivu ladondoka,
kengele yatetemeka,
hakuna wa kuishika,
watu wote wamelala.

Cheni na kutu yake vimeanguka njiani. Sikuvililia, maana kutu ni picha ambayo kila mtu huifikiria akitaka kuonyesha kitu kilichoachwa, na kuku juu ya keria wanasema hilo vizuri zaidi. Neno baiskeli lenyewe nimelihamishia kwenye jina la wimbo. Konsonanti zake mbili zimekutana vibaya, mwimbaji mmoja atazivuta na mwingine atazimeza, na hesabu ya mizani itayumba. Embe nalo ukurasani lilifichwa: msomaji alipaswa kujua mwenyewe kilichoigonga kengele usiku. Asikiaye mara moja hana nafasi hiyo, kwa hiyo nimelitaja. Huo ndio upotevu ninaoujutia.

Likatokea tatizo jingine. Baada ya ubeti wa tatu kiitikio kinakuwa uongo, kwani usiku ule mama hana unga mkononi wala hayuko jikoni. Silcher angekiacha kama kilivyo. Niliazima kidogo kwa Schubert, nikabadilisha maneno bila kugusa lahani wala vina:

Kengele inapolia,
mama, pweke kitandani,
giza huliangalia,
kisha hurudi ndotoni.

Wasikilizaji waliokwisha kuzoea kuitikia watajikuta wameanza maneno ya zamani na kukwama katika mshororo wa pili. Kukwama huko ndiko kunakoleta ule usiku, kazi ambayo Schubert aliifanya kwa piano inayovuma. Umm Kulthum naye angeurudia mstari wa giza hadi ukumbi utulie, na mwimbaji wa taarabu aliyelelewa katika mapokeo hayo anaweza kufanya vivyo hivyo bila kuandikiwa.

Kipimo cha kazi kama hii ni rahisi. Mwimbie mtu ambaye hajaliona shairi, kisha umuulize ameona nini, usimuulize wimbo unahusu nini. Akikutajia kuku, kengele na embe, picha zimepona. Akikujibu kwamba ni wimbo wa majonzi ya kufiwa, rudi kwenye kiitikio, kwa kuwa humo ndimo mara nyingi hukumu ilimoingilia.

Na yapo mashairi ambayo njia hii haiyafai. Shairi ambalo picha zake zinasonga mbele bila chochote kurudi, kama la mtu anayeuacha mji wake na kutogeuka, likipewa kiitikio litamrudisha mtu huyo langoni kila baada ya ubeti. Hilo liachwe bila kiitikio, litafutiwe mtunzi wa lahani mwenye subira ya Schubert, au libaki kitabuni.