Sumu ya viuatilifu kwa wafanyakazi wa mashamba

Sumu ya viuatilifu kwa wafanyakazi wa mashamba ni madhara ya kiafya yanayompata mtu kwa kugusana na dawa za kuulia wadudu, kuvu au magugu kazini. Katika mashamba ya waridi, kama yale ya Naivasha nchini Kenya, hatari haiishii kwa mpulizaji, kwani wachumaji hushika majani yaliyopuliziwa siku nzima.

Dawa huingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi, kumezwa au kupenya ngozi, na njia ya ngozi ndiyo kuu shambani. Ngozi haipitishi sawa kila mahali: majaribio ya parathioni yalionyesha kuwa ngozi ya korodani huipitisha takriban mara 12 zaidi ya ile ya kigasha. Kwa hiyo bomba la mgongoni linalovuja hadi suruali ikalowa ni hatari kubwa. Organofosfati, kundi la parathioni, huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi. Dalili za sumu hiyo ni jasho, mate mengi na mboni za macho kusinyaa, ingawa mara nyingi huanza kwa kuumwa kichwa tu, kukadhaniwa ni uchovu.

Ili kuzuia sumu hiyo, kuchanganya dawa isiyozimuliwa huhitaji glavu za nitrili, aproni na kinga ya macho. Baada ya kupulizia, kitalu hufungwa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, mara nyingi saa 12 hadi 48, kisha hupitishwa hewa. Maji na sabuni huwekwa karibu na eneo la kazi. Ovaroli hufuliwa shambani, mbali na nguo za nyumbani.