Televisheni iliyotoka nje ya nchi: soma kibandiko kabla ya kuchomeka

Ndugu wasikilizaji wetu wa Gando wana jamaa Maskati, Dubai, Uingereza na Kanada, na mara kwa mara mzigo unapoteremka bandarini ndani yake mna televisheni. Swali tunaloletewa ni lile lile: je, itafanya kazi hapa? Jibu linategemea mambo matatu, yaani nguvu ya umeme, plagi, na mfumo wa rangi. La kwanza ndilo linaloweza kuiua televisheni kwa sekunde moja. Hayo mawili mengine yana dawa.

Umeme: geuza televisheni, tazama mgongoni

Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari. Unapofika nyumbani kwako ni umeme wa volti 230, nao unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Omani, Dubai na Uingereza wanatumia umeme wa namna hiyo hiyo, tofauti yake ni ndogo isiyodhuru. Marekani na Kanada ni habari nyingine. Umeme wa soketi zao ni volti 120 na mizunguko 60, na wa Japani ni volti 100 tu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta soketi, igeuze televisheni utafute kibandiko chenye maandishi madogo. Ikiwa maandishi hayasomeki kwa macho, yapige picha kwa simu kisha ikuze. Kama umeona hivi:

```
AC 100-240V ~ 50/60Hz
```

basi shukuru. Televisheni hiyo inapokea umeme wowote kuanzia volti 100 mpaka 240, hata kama imenunuliwa Toronto. Kama umeona `220-240V ~ 50Hz`, nayo ni salama hapa. Lakini kama umeona hivi:

```
AC 120V ~ 60Hz 60W
```

usiichomeke. Hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Amerika ya Kaskazini peke yake.

Televisheni nyingine, hasa ndogo, hazina waya wa umeme wa moja kwa moja. Zina kiboksi cheusi cha kando, kama cha kompyuta ya mkononi, na mgongoni mwake pameandikwa volti 12 au 19. Hapo kibandiko cha kusoma ni cha kile kiboksi, kwenye mstari ulioandikwa INPUT.

Nini kinatokea ukiichomeka ile ya volti 120 kwenye umeme wetu? Ndani ya televisheni mna vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, mafundi huviita kapasita. Kikubwa kuliko vyote kinapokea umeme ulionyooshwa, ambao hupanda juu kuliko ule wa soketi. Umeme wa volti 120 ukinyooshwa unafika kama volti 170, na watengenezaji huweka kikopo cha kuhimili volti 200. Umeme wetu wa 230 ukinyooshwa unafika kama volti 325. Kikopo hakiwezi. Utasikia mlio kama wa fataki, utanusa harufu ya kuungua, na kioo kitabaki cheusi.

Likikufika hilo, chomoa upesi wala usijaribu tena. Mara nyingi kioo na ubao wa picha huwa vizima, kilichoungua ni ubao wa umeme tu, na fundi anaweza kuubadilisha. Ukiwasha mara ya pili unaweza kuunguza na hivyo vilivyopona.

Dawa ni transfoma ya kushusha umeme

Tuseme dada yako wa Toronto amekuletea televisheni ya inchi 32 na kibandiko chake ni kile cha 120V, 60W. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 220 au 230 kwenda 110 au 120. Ukubwa wake unapatikana kwa hesabu nyepesi: chukua wati za televisheni, zidisha mara mbili. Sitini mara mbili ni 120, kwa hiyo transfoma ya wati 200 inatosha na inabakisha nafasi. Ya wati 50 itapata moto hata ukaogopa kuigusa, na mwisho wake itaungua.

Ukifika dukani, tazama vitu viwili. Kwanza uzito. Transfoma ya kweli ni nzito kwa sababu ndani mna chuma na nyaya za shaba. Vile viboksi vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri kwa ajili ya pasi na mashine za kukaushia nywele vinakatakata umeme badala ya kuushusha, na televisheni haivitaki. Pili, soma upande wa kutolea umeme. Transfoma nyingi zinafanya kazi pande zote mbili, kupandisha na kushusha, na huwa na swichi au soketi mbili. Hakikisha unapochomeka televisheni pameandikwa OUTPUT 110V au 120V. Kabla ya kuunga televisheni, mwombe fundi apime pale kwa mita yake. Kazi hiyo haimchukui hata dakika moja.

Transfoma haibadilishi mizunguko. Umeme utashuka hadi volti 120 lakini utaendelea kupiga mizunguko 50 badala ya 60. Televisheni bapa za siku hizi hazijali, maana umeme ukishaingia zinaunyoosha kwanza.

Usichanganye transfoma na stebilaiza. Kazi ya stebilaiza ni kuuweka umeme karibu na volti 220 pale unapopanda na kushuka. Ni kitu kizuri kwa nyumba iliyo mwisho wa laini, lakini televisheni ya volti 120 ukiiunga kwenye tundu la 220 la stebilaiza, itaungua vile vile. Na televisheni ya Japani ya volti 100 ina transfoma yake; hiyo ya 110 inaipa umeme mwingi kupita kiasi.

Plagi: ikiingia si dalili kuwa umeme umekubali

Soketi zetu ni za matundu matatu ya bapa, aina ya Kiingereza. Omani, Dubai na Uingereza ni hizo hizo, kwa hiyo televisheni za huko mara nyingi zinaingia bila taabu. Plagi ya Kanada na Marekani ina meno mawili bapa, au mawili na la tatu la duara. Ya Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya ina meno mawili ya duara.

Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Adapta ya bei ndogo inabadilisha umbo la plagi tu. Haishushi umeme hata volti moja. Plagi ya Kanada ikiwa ndani ya adapta itaingia ukutani vizuri kabisa, na televisheni ya volti 120 itapokea 230. Umbo lile la meno liliwekwa tofauti na letu, na kukataa kwake kuingia kulikuwa onyo la bure. Adapta inaliondoa onyo hilo.

Kuna na ile desturi ya kuingiza kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha plagi ya meno mawili ikasukumwa. Mtu akikosea akatumia kitu cha chuma, au akagusa meno ya plagi yasiyoingia sawasawa, anaweza kupigwa na umeme. Plagi iliyolegea nayo hupiga cheche na kuyeyusha soketi. Kwa televisheni ya volti 230 yenye plagi ya Ulaya, mwambie fundi akate plagi aweke ya meno matatu, na ndani yake aweke fyuzi ya ampea 3, si ya 13. Lakini ile ya volti 120 iache na plagi yake ya asili. Iingie kwenye transfoma, na transfoma ndiyo iingie ukutani. Ukiikata ukaiwekea plagi yetu, siku moja mtoto au mgeni ataichomeka ukutani kwa nia njema.

Rangi: picha ipo, lakini nyeusi na nyeupe

Zanzibar ilianza kuonesha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka mingi kabla ya Bara kuwa na televisheni yake mwaka 1994. Mfumo wa rangi tuliouzoea unaitwa PAL, na ndio wa Uingereza na nchi za Ghuba. Marekani, Kanada na Japani walichukua mwingine unaoitwa NTSC. Televisheni nyingi zilizouzwa Ghuba zinajua yote miwili. Zilizouzwa Kanada mara nyingi zinajua NTSC tu.

Utajuaje? Umeunga kisimbuzi kwa ule waya wa vichwa vitatu, cha manjano, chekundu na cheupe. Sauti inakuja safi, lakini picha ni nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia. Televisheni haijaharibika. Kisimbuzi kinasema PAL na televisheni haielewi. Ingia kwenye mipangilio ya kisimbuzi, tafuta palipoandikwa `TV System` au `Video Standard`, badilisha iwe NTSC. Rangi zitarudi.

Njia bora zaidi ni waya wa HDMI, maana humo hakuna PAL wala NTSC. Umebaki mtego mmoja. Visimbuzi vya kwetu vingi hutoa picha 50 kwa sekunde, na baadhi ya televisheni za Amerika zinakubali 60 tu. Kioo kitakuwa cheusi au kitaandika `Not Supported`. Kwa kuwa huoni kitu, huwezi kubadilisha mipangilio. Basi chukua kisimbuzi chako mpaka kwa jirani, kiunge kwenye televisheni yake kwa HDMI, ingia kwenye mipangilio ya picha uchague `720p 60Hz` au `1080p 60Hz`, kisha rudi nacho nyumbani.

Mwisho, usitegemee antena iliyochomekwa moja kwa moja kwenye televisheni ya Kanada au Marekani. Namna yao ya kurusha matangazo ya dijitali si ya kwetu, na hata ukitafuta stesheni usiku kucha haitapata hata moja. Hiyo itatumika kama kioo, na kazi ya kunasa matangazo itafanywa na kisimbuzi.

Kwa hiyo, jamaa akipiga simu kusema anataka kukuletea televisheni, mwombe kwanza akutumie picha ya kibandiko cha mgongoni. Ikisomeka 100-240V, afunge mzigo. Ikisomeka 120V peke yake, ongeza bei ya transfoma kwenye hesabu, kisha muamue pamoja kama nauli ya meli inafaa kulipwa.