Mbuzi wa Azazeli na milima isiyo na jangwa

Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi ina mbuzi wawili, na wengi wetu tunaoisikia ikisomwa huwachanganya. Wote wawili hutolewa na mkutano, husimamishwa mlangoni pa hema, na Haruni huwapigia kura. Aliyeangukiwa na kura ya Bwana huchinjwa, damu yake ikaingizwa nyuma ya pazia. Wa pili, aliyeangukiwa na kura ya Azazeli, hachinjwi. Haruni humwekea mikono yote miwili kichwani, huungama juu yake maovu yote ya wana wa Israeli, kisha humkabidhi kwa mtu aliyewekwa tayari ampeleke nyikani, hadi nchi isiyokaliwa na watu. Mtu huyo akirudi hufua nguo zake na kuoga, ndipo aingie kambini. Hapo habari ya mbuzi wa pili inakwisha.

Inakwisha mapema mno kwa yeyote aliyewahi kuchunga. Mbuzi akiachiwa mahali asipopajua hulia, huzunguka, kisha hufuata njia aliyojia. Sasa huyu amebeba makosa ya taifa zima kichwani. Itakuwaje kesho asubuhi akionekana amesimama mlangoni? Maandiko hayasemi kama alikufa, kama alifungwa huko, wala Azazeli ni nani hasa. Kitabu cha Enoko, kilichoandikwa karne nyingi baadaye, kinamtaja kuwa malaika aliyeasi akafungwa jangwani, lakini kitabu cha Walawi chenyewe kimemwacha akiwa jina tu. Yanayoelezwa kwa uangalifu ni ya upande wa kambini: mikono, maungamo, maji ya kuoga. Ya upande wa pili yameachwa wazi.

Pengo hilo walilijaza walimu wa Kiyahudi. Mishna, iliyokusanywa takriban mwaka 200, zaidi ya karne moja baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, ina sehemu nzima iitwayo Yoma inayoeleza siku hiyo hatua kwa hatua. Mbuzi wale wawili wanapaswa kufanana kwa sura, kwa kimo na kwa bei, na wanunuliwe pamoja. Yule wa Azazeli hufungwa uzi mwekundu wa sufu kichwani, na aliyetengwa kuchinjwa hufungwa wake shingoni, ili kuhani asije akakosea. Njiani kuelekea nyikani kuna vibanda kumi. Katika kila kibanda, anayempeleka mbuzi hukaribishwa chakula na maji, ingawa ni siku ya kufunga, na wenyeji wa kibanda humsindikiza hadi kinachofuata. Wa kibanda cha mwisho hawafiki naye. Husimama mbali wakitazama anachofanya.

Anachofanya ndicho ambacho kitabu cha Walawi hakikukisema. Akifika kwenye jabali, kiasi cha maili 12 za kale kutoka Yerusalemu, yaani kama kilomita 12 hivi, huugawa uzi mwekundu. Nusu huifunga kwenye mwamba, nusu kati ya pembe. Kisha humsukuma mbuzi kwa nyuma. Mnyama huporomoka, na kabla hajafika katikati ya mteremko amekuwa vipande vipande.

Utaona kwamba aliyepanga mambo hivi alikuwa akilijibu swali la mchungaji, na mabishano ya walimu yanazidi kulithibitisha hilo. Waliulizana: mbuzi akiugua njiani, abebwe mabegani? Ndiyo, walijibu wahenga. Mwenye kumpeleka akiugua, amtume mwingine? Ndiyo. Na akisukumwa asife? Ateremke amfuate, amuue. Rabi Eliezeri aliyakwepa maswali haya kwa mafumbo, lakini wenzake walijibu waziwazi, kwa sababu kwao mbuzi aliyebaki hai lilikuwa jambo lisilowezekana kuachwa. Talmudi ya Yerusalemu inakumbuka hata wakati mambo yalipoharibika: enzi za kuhani mkuu Simeoni Mwenye Haki mbuzi alivunjika kabla ya nusu ya mlima, na baada ya kifo chake mbuzi akawa anatorokea jangwani, Wasaraseni wanamla. Nilipolisoma hilo nilicheka kwanza, kisha nikasita. Dhambi za Israeli zote kwenye chungu cha jirani, na jirani wala hajui.

Ni kiasi gani cha haya kilitendeka kweli Hekaluni, na ni kiasi gani kilijengwa na walimu waliolikumbuka Hekalu wasiloliona, hakuna mizani ya kukipima. Kwangu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba msimulizi wa Walawi aliridhika kuupeleka uovu mahali pasipo mtu, na wasimulizi waliomfuata hawakuridhika mpaka wahakikishe kwamba kweli hapana mtu, na kwamba hakuna kitakachorudi.

Kuna desturi nyingine zinazofanana na hii kwa umbo, na ndizo zinazoonyesha tofauti ilipo. Kwenye mabamba ya udongo ya Wahiti yaliyofukuliwa Hattusa, katika Uturuki ya leo, imo ibada ya mtu aitwaye Ashella, ya kuondoa tauni kambini mwa jeshi. Makamanda huandaa kondoo dume, huwavika nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, huwafunga usiku kucha mbele ya mahema. Mbele ya hema la mfalme huwekwa mwanamke aliyepambwa. Kesho yake mwanamke na kondoo wanaondolewa kambini, na maneno yanayosemwa yanaomba ugonjwa uende nao, ukaishie katika nchi ya adui. Sufu ipo, mnyama yupo, safari ipo. Lakini mwisho wa safari kuna watu.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mfano wa karibu zaidi na huo ni wa Buganda. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu Baganda, anaeleza kwamba jeshi liliporudi vitani na miungu ikamwonya Kabaka kuwa kuna uovu umewaganda askari, alichaguliwa mjakazi miongoni mwa mateka, pamoja na ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa kutoka kwenye nyara. Watu na mifugo walipanguswa kwa vichala vya majani, vichala vikafungwa kwa hao waliochaguliwa, kisha wakapelekwa chini ya ulinzi hadi mpaka wa nchi walikotoka. Huko walivunjwa viungo wakaachwa wafe, ili wasiweze kutambaa kurudi Buganda. Baada ya hapo jeshi lilihesabiwa kuwa safi.

Viungo vilivyovunjwa Buganda na jabali la Yerusalemu vinajibu hofu ileile: kilichotumwa kisirudi. Ila vichala vya majani vinatuambia jambo ambalo mikono ya Haruni haituambii. Baganda waliufikiria uovu kama kitu kinachogandamana na ngozi, kinachoweza kupanguswa, na kilichokuja na nyara. Ndiyo maana kilirudishwa kwa mwenyewe. Haruni hapangusi. Anasema. Kinachopanda kichwani mwa mbuzi ni makosa yaliyotamkwa, na makosa hayo ni ya watu wa kambi wenyewe, hayakutoka kwa adui. Yasipokuwa na mwenyewe mwingine, hayawezi kurudishwa popote; yanahitaji nchi isiyo ya mtu.

Sasa ichukue sura hiyo ya 16 uipandishe Uluguru, ambako wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu wamekuwa wakisoma Biblia tangu walipofika Morogoro mwaka 1882. Shida inaanza na ardhi. Kutoka Yerusalemu ukielekea mashariki, kilomita 12 zinakutoa kwenye mizeituni hadi kwenye mawe makavu yanayoshuka Bahari ya Chumvi. Kutoka mjini Morogoro, kilomita 12 za kupanda zinakupitisha kwenye migomba, mihogo na maharage yaliyolimwa kwenye miteremko mikali, shamba likipakana na shamba. Mgeta, upande wa magharibi, mbuzi wa maziwa hufugwa bandani na kuletewa majani, maana akilegezwa kamba kidogo tu yumo kwenye kabichi za mtu. Mbuzi wa Azazeli angeishia kwenye baraza la kijiji, na mwenye shamba angedai fidia.

Juu ya mashamba ndipo msitu unapoanza, hadi kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Msitu huo hauna watu, lakini hauna upweke wa jangwa. Maji yanatoka huko. Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam unaanzia milimani humo. Na kwa mapokeo ya Waluguru, msitu na mapango ni makao ya mizimu. Kolelo, anayesimuliwa kama nyoka mkubwa wa pangoni, aliheshimiwa mbali sana na Uluguru, hata Wazaramo wa karibu na pwani walisafiri kupanda huko kumwomba mvua. Katika tambiko wazee wa ukoo huenda kwenye makaburi au kichaka cha mizimu wakiwa na unga na pombe, huwaita waliokufa kwa majina, na kinacholiwa kinaliwa na ukoo pamoja. Mnyama hapotei. Msafara unapanda na sadaka na kushuka na baraka. Kumwaga uovu huko juu ni sawa na kutupa takataka sebuleni kwa babu, tena kwenye kisima chake.

Basi uchafu wa kifo na wa miiko iliyovunjwa huenda wapi Uluguru? Haupelekwi mahali, hukabidhiwa watu. Koo za Waluguru, zinazofuata upande wa mama, zimefungamana kwa utani, na mwanaanthropolojia James Christensen aliuandikia utani huo makala mwaka 1963 akionyesha kuwa mzaha ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni utakaso. Msibani, mambo ambayo wafiwa hawawezi kuyagusa huguswa na watani. Mtani anaigiza marehemu, anavuruga kilio, anatukana asipigwe, na ndiye mwenye haki ya kushughulikia kilichonajisika kwa sababu si wa ukoo ule: unajisi wa kwako haumshiki yeye kama unavyokushika wewe.

Hapo ndipo namwona yule mtu wa Walawi aliyewekwa tayari, ambaye wahubiri humpita haraka ili wafike kwa mbuzi. Mishna inasema yeyote alifaa kwa kazi hiyo, ila makuhani wakuu waliifanya desturi kwamba wasimwachie Mwisraeli wa kawaida; Rabi Yose akapinga kwa kumtaja Arsela wa Sepori, Mwisraeli, aliyempeleka. Tayari palikuwa na mvutano juu ya nani awe karibu na kitu kile. Na tazama anachotendewa: anakaribishwa kibanda hadi kibanda, anatazamwa kwa mbali mwishoni, haruhusiwi kuingia kambini kabla ya maji. Anahitajika na anaogopwa kwa pamoja, kama mtani siku ya mazishi. Tofauti ni kwamba yeye anaye mbuzi wa kumwachia mzigo, mtani hana. Mtani anaubeba kwa mzaha wake mwenyewe, na halipwi kwa kimya: anadai kuku, anadai fedha, ananyakua kitu cha marehemu mbele za watu, na wafiwa wanatoa. Siku ukoo wake ukifiwa, watu wale wale watakwenda kumfanyia yeye, na watadai vilevile.

Katika Walawi hakuna anayedai chochote. Yule mtu anaoga, anaingia kambini, na jina lake halikuandikwa.