Sukari kushuka kwa asiye na kisukari

Hali ya glukosi kupungua mno katika damu ya mtu asiyetumia dawa za kisukari. Kanda ya Ziwa, mtu anayetetemeka na kuchanganyikiwa hupimwa malaria kwanza, na ni sawa: malaria kali hushusha sukari, na kwinini huichochea kongosho kutoa insulini zaidi.

Chukua mfano wa mvuvi wa Nyakato, Musoma, anayerudi ziwani alfajiri hajala, akitokwa jasho na kuongea ovyo, kisha akinywa chai ya sukari anatulia. Vipimo zaidi vinahitajika iwapo mambo matatu yamekutana: dalili, sukari chini ya milimoli 3 kwa lita, na nafuu baada ya sukari kupanda. Damu ichukuliwe dalili zikiwapo, kabla ya kumpa sukari ikiwezekana, lakini anayepoteza fahamu asicheleweshwe. Kipimo cha kidole hukosea kwenye viwango vya chini, hivyo maabara ithibitishe.

Dalili zikija saa chache baada ya kula, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, huenda mwili umetoa insulini kupita kiasi kwa chakula kile. Zikija kwa njaa, mgonjwa hufungishwa hospitalini hadi saa 72. Insulini na peptidi C zisiposhuka wakati sukari imeshuka, hushukiwa uvimbe wa kongosho, ambao kwa kawaida ni mdogo kuliko sentimita 2, si saratani, na huondolewa kwa upasuaji. Kwanza ipimwe glibenklamidi: kidonge kilichomezwa kimakosa hutoa majibu yaleyale.