Urari wa malipo

Urari wa malipo ni kumbukumbu ya shughuli za kiuchumi kati ya wakazi wa nchi na walio nje yake, kwa robo mwaka au mwaka mzima. Kigezo ni ukazi, si uraia: muuguzi Mkenya aliyehamia Marekani huhesabiwa kuwa mkazi wa huko, na pesa anazowatumia wazazi wake Nyeri huandikwa kuwa zimetoka nje.

Akaunti ya kawaida hubeba biashara ya bidhaa, huduma kama utalii, riba na gawio, pamoja na pesa za kutumiana kama hizo za muuguzi. Akaunti ya fedha huonyesha mali na madeni yanavyobadilika: mikopo, uwekezaji, na akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu. Ipo pia akaunti ya mtaji, ambayo kwa kawaida ni ndogo.

Mkopo huonyesha vizuri zinavyohusiana. Juni 2014 Kenya iliuza nje hatifungani, maarufu kama Yurobondi, za dola bilioni 2. Bilioni 1.5 kati yake zilikuwa za miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875. Fedha hizo ziliingia kwenye akaunti ya fedha na kuandikwa mara mbili: deni limepanda, na dola zilizo mkononi zimepanda kwa kiasi hicho hicho. Si mapato, ingawa wanasiasa huzisherehekea kana kwamba ni mauzo ya chai. Riba ya zile za miaka 10, takribani dola milioni 103 kwa mwaka, ilienda kwenye akaunti ya kawaida ikiwa malipo ya nje. Hivyo mkopo ulioleta nafuu mwaka mmoja uliongeza nakisi kila mwaka uliofuata.

Deni la miaka 10, lililokuwa limeongezwa hadi bilioni 2, lilipaswa kulipwa Juni 2024. Wasiwasi kuhusu dola za kulilipia ulichangia kuishusha shilingi hadi karibu 160 kwa dola Januari mwaka huo. Februari serikali ilikopa upya bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani, na shilingi ikapanda. Kwenye akaunti ya fedha, deni jipya na lile lililolipwa yalikaribia kufutana. Ikabaki safu ya riba, sasa ghali zaidi.

Kwa kuwa kila muamala huandikwa pande mbili, jumla ya urari wote ni sifuri. Ikisemwa kuna nakisi, maana yake ni akaunti ya kawaida, au akiba iliyopungua. Kwa vitendo hesabu hazilingani, na pengo huwekwa kwenye safu ya makosa na yaliyoachwa. Mahindi yanayovushwa Busia bila karatasi huchangia pengo hilo, na pesa zinazopitia hawala pia. Likiwa kubwa na la upande uleule mwaka baada ya mwaka, wachambuzi hushuku biashara isiyoandikishwa au fedha zinazotoroshwa.