Rekodi ya makabidhiano ya majeruhi wa ajali ya barabarani

Rekodi ya makabidhiano ya majeruhi ni fomu inayojazwa na wahudumu wa gari la wagonjwa kuanzia wanapomfikia majeruhi hadi wanapomkabidhi kwa idara ya dharura ya hospitali. Hueleza nini kilitokea na saa ngapi, majeraha gani yameonekana, hali ya mwili ilikuwaje kila ilipopimwa, na tiba gani imeshatolewa. Hutanguliwa na maelezo ya mdomo ya chini ya dakika moja, kisha karatasi husainiwa na pande zote mbili. Nakala moja hubaki hospitalini.

Makala hii inaeleza matumizi yake katika mikoa ya Shinyanga na Geita, Tanzania, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi, mabasi, bodaboda na magari ya migodini hutumia barabara zilezile.

## Tofauti na hati nyingine

Rekodi hii huchanganywa mara nyingi na PF3, fomu ya polisi inayotolewa kwa mtu aliyejeruhiwa katika ajali au shambulio. PF3 hujazwa na daktari kuhusu aina ya majeraha na inaweza kutumika mahakamani. Rekodi ya makabidhiano ni hati ya tiba, na haisubiri polisi.

Vilevile si sehemu ya mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115 na uliotumika Shinyanga kabla ya kuenea nchini. Mfumo huo ni wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Majeruhi wengi wa ajali hufika kwa njia yoyote iliyopatikana: teksi, bajaji, gari la polisi au gari la msamaria. Hapo hakuna fomu, na muuguzi wa mapokezi hulazimika kumuuliza aliyemleta maswali yaleyale kabla hajaondoka. Kwa kawaida huondoka haraka.

## Saa ya ajali

Katika fomu nzima, kipengele kidogo kinachoweza kuleta madhara makubwa ni saa ya ajali. Sababu mojawapo ni dawa ya kupunguza uvujaji wa damu iitwayo asidi ya traneksamiki. Utafiti wa kimataifa wa CRASH-2, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionyesha kwamba inafaa ikianzishwa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya hapo haisaidii, na inaweza kuongeza hatari ya kufa kwa kuvuja damu. Kwa mtu mzima hutolewa gramu 1 kwa mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine polepole kwa saa 8.

Tatizo la hapa ni kwamba kuna saa mbili. Shuhuda wa Kahama akisema ajali imetokea "saa nane na dakika kumi", anamaanisha 14:10. Mhudumu akiandika 8:10 kama alivyosikia, daktari aliyezoea saa za hospitali ataisoma kuwa asubuhi. Kwa hiyo fomu hujazwa kwa mfumo wa saa 24, na pale penye shaka huandikwa pia neno la kipindi: asubuhi, mchana, usiku. Kama hakuna aliyeona ajali, huandikwa saa majeruhi alipokutwa, na ielezwe hivyo. Saa ya kukisia isiyoelezwa kuwa ni makisio ni mbaya kuliko nafasi tupu.

## Mfano

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Abiria wa bodaboda, mwanamume wa miaka kama 25, amegongwa na lori barabara ya Isaka–Kahama saa 14:10. Hakuvaa helmeti. Gari la wagonjwa linafika 14:50. Anajibu vizuri na alama zake za fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15, ni 15. Mapigo ya moyo ni 96 kwa dakika, presha 118/76, anapumua mara 20 kwa dakika. Paja la kulia limevimba na kupinda, na tumbo linauma upande wa kushoto juu. Wahudumu wanafunga banzi na kuweka dripu, na saa 15:00 wanampa ketamini miligramu 20 kwa mshipa kutuliza maumivu.

Saa 15:20 wanapima tena: mapigo 124, presha 94/60, upumuaji 28, fahamu 14. Wanafika saa 15:35.

Fomu yenye vipimo vya mwanzo tu ingemwonyesha mtu mwenye paja lililovunjika na hali ya kuridhisha. Vipimo viwili vyenye saa vinaonyesha anavuja damu. Njia rahisi ya kuona hilo ni kugawa mapigo kwa presha ya juu: mwanzoni 96 kwa 118 ni kama 0.8, nusu saa baadaye 124 kwa 94 ni 1.3. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 0.5 na 0.7, na ikizidi 1 baada ya ajali ni dalili ya hatari. Paja lililovunjika peke yake linaweza kuficha lita moja ya damu au zaidi, lakini maumivu ya tumbo upande huo yanaelekeza pia kwenye wengu. Daktari anaagiza kipimo cha mawimbi ya sauti cha tumbo na damu ya kuongezewa.

Saa ya ajali inamwambia kwamba dirisha la asidi ya traneksamiki liko wazi hadi 17:10. Lau ingeandikwa 8:10, ingeonekana zimepita saa 7 na dakika 25, na dawa isingetolewa. Maelezo ya ketamini nayo yana kazi: bila hayo, kushuka kwa fahamu kutoka 15 hadi 14 kungeweza kuhesabiwa moja kwa moja kuwa jeraha la kichwa. Hata hivyo hayaondoi uwezekano huo, kwa kuwa hakuvaa helmeti.

## Makosa ya kawaida

Maneno kama "anaendelea vizuri" hayamsaidii anayepokea, maana hayawezi kulinganishwa na kitu. Kosa jingine ni kutoandika kilichokosekana. "Presha haikupimwa, kipimo kibovu" ni taarifa. Nafasi tupu inaweza kusomeka kana kwamba hakukuwa na tatizo. Mkanda wa kubana damu usioandikiwa saa ni hatari ya pekee, kwani ukikaa zaidi ya saa 2 misuli na neva huanza kuharibika.

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, majeruhi asiyejitambua huenda ametoka mkoa mwingine na wenzake wanamjua kwa jina la utani tu. Huandikwa jina hilo, mahali alipookotwa, nguo zake na namba ya simu ya mwenzake, badala ya kubuni jina kamili ambalo baadaye litavuruga hata kuongezewa damu.

## Rufaa

Majeruhi anayehitaji upasuaji mkubwa anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, na makabidhiano huanza upya. Magari ya kutoka Geita yalitegemea kivuko cha Kigongo–Busisi hadi Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025. Rekodi ya kwanza husafiri na mgonjwa pamoja na ya pili. Ikiwa dozi ya pili ya asidi ya traneksamiki bado inaendelea kwenye dripu, saa ilipoanza huandikwa kwenye fomu na pia juu ya chupa yenyewe.