Tango ni baridi, osokonoi je? Historia ya ‘moto’ na ‘baridi’ katika tiba zetu

Kitengela mwezi wa Julai si mahali pa mzaha. Upepo wa mbuga hupenya koti, sweta na hata mifupa. Asubuhi moja ya mwezi huo nilikuwa kando ya barabara ya Namanga nikimsubiri mwanafunzi wangu wa uzamili, na kwa kukosa la kufanya nikawa nawasikiliza wateja wa mwuza dawa za miti aliyetandaza bidhaa zake juu ya gunia. Mama mmoja alilalamikia magoti. Mwuzaji, kwa lafudhi ya pwani isiyofichika, akamwambia: “Hiyo ni baridi yabisi, mama. Wacha matango, wacha madafu. Kunywa tangawizi na pilipili manga kidogo.” Kijana mmoja aliyekuwa karibu akaangua kicheko. “Ati tango ni baridi? Si ukilichemsha linakuwa moto?”

Tulicheka wote, mwuzaji naye akiwemo. Hata hivyo, mpenzi msomaji, kijana yule alikuwa amegusa jambo ambalo wasomi wengi hulikosea, tena kwa maandishi. Mwuzaji hakuwa akizungumzia joto linalopimwa kwa kipimajoto. Tango lililochemshwa, kwake yeye, bado ni baridi. Na tangawizi iliyotolewa kwenye friji bado ni moto. ‘Moto’ na ‘baridi’ hapa ni majina ya kile ambacho chakula hukifanya mwilini baada ya kuliwa.

Dhana hiyo ina ukoo unaojulikana. Matabibu wa Kiyunani, na hasa Galeni aliyeishi katika karne ya pili, waliuona mwili kuwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila mojawapo lilipewa sifa mbili kati ya nne zilizokuwepo, yaani joto, baridi, unyevu na ukavu. Damu ni ya joto na unyevu, balghamu ni ya baridi na unyevu, nyongo ya manjano ni ya joto na ukavu, nayo nyongo nyeusi ni ya baridi na ukavu. Afya ni majimaji hayo kuwa katika mizani; ugonjwa ni moja kuzidi. Dawa na vyakula vilipewa sifa hizo hizo, tena kwa ngazi nne, kwa sababu pilipili na mkate havichomi sawa. Katika karne ya tisa Hunayn bin Is’haq na wenzake huko Baghdad walivifasiri vitabu vya Galeni kwa Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya kumi na moja Ibn Sina akavipanga upya katika kitabu chake cha Kanuni. Waarabu waliiita elimu hiyo tiba ya Kiyunani, na kwa njia ya bahari, biashara na madrasa ikafika Lamu, Mombasa na Unguja.

Ushahidi wa safari hiyo hauhitaji kuchimbuliwa ardhini. Umo vinywani mwetu. Chukua zile sifa nne kwa Kiarabu, uone zilivyotua katika Kiswahili. Joto ni *harara*, na leo harara kwetu ni vile vipele vya joto, au wepesi wa mtu kukasirika. Baridi imebaki *baridi*. Unyevu ni *rutuba*, neno ambalo siku hizi tumemwachia mkulima na shamba lake. Ukavu ndio uliotupa *yabisi*, ambalo mwanafunzi wa sayansi analijua kuwa ni hali ya kitu kigumu kama jiwe. Balghamu hatukuibadilisha hata kidogo. *Safura*, iliyokuwa nyongo ya manjano, sasa ni maradhi ya upungufu wa damu yanayoletwa na minyoo.

Basi rudi kwa yule mama na magoti yake. Baridi yabisi! Watu hudhani jina hilo linamaanisha baridi kali iliyoingia kwenye viungo ikagandana humo. Kumbe ni jozi kamili ya Galeni: baridi na ukavu, sifa za nyongo nyeusi. Jina lenyewe limebeba maelezo ya chanzo cha ugonjwa na, kwa anayeijua hesabu yake, limebeba na tiba: mpe mgonjwa kilicho kinyume. Mwuzaji wa Kitengela huenda hajawahi kulisikia jina la Galeni, lakini hesabu anaijua.

Nitoe mfano mmoja ili hesabu hiyo ionekane ikifanya kazi. Pwani, mwanamke aliyejifungua huhesabiwa kuwa yuko katika hali ya baridi. Amepoteza damu, na damu ndiyo joto na unyevu. Kwa hiyo katika zile siku arubaini hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji uliotiwa pilipili manga, supu ya kuku, tangawizi, mdalasini na asali. Dafu, tango na tikiti huwekwa kando. Sasa tazama: dafu lile lile analokatazwa mzazi atapewa kijana mwenye harara mgongoni, na ile pilipili manga iliyomfaa mzazi kijana atakatazwa. Dafu halina ubaya, wala pilipili haina wema. Kinachopimwa ni hali ya mtu, na ndiyo maana orodha ya “vyakula vya moto” na “vyakula vya baridi” iliyobandikwa ukutani bila kumtaja mlaji ni nusu ya elimu hiyo. Nusu ya pili ni kuvunja: kitu cha moto huvunjwa na cha baridi vikaliwa pamoja salama. Hata katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume anaelezwa kula tikiti kwa tende mbichi, joto la hii likivunjwa na baridi ya lile.

Hapa ndipo ninapolazimika kukiri kosa. Mwanafunzi niliyekuwa nikimsubiri alizaliwa Kajiado, na utafiti wake ulihusu majina ya mimea ya dawa kwa Wamasai. Katika hojaji yake palikuwa na safu moja yenye kichwa ‘moto/baridi’. Mimi ndiye niliyependekeza safu hiyo, tena kwa kujiamini, kwa kuwa nilikuwa nimezama katika habari za pwani na nilidhani nimepata ufunguo wa kila mlango. Akaizungusha hojaji ile kwa akina koko kadhaa. Majibu yakaja yamejaa: olkiloriti moto, osokonoi moto, olmukutan moto. Karibu kila mti ulikuwa moto. Mtafiti anayeona safu yenye jibu moja kuanzia juu hadi chini anapaswa kushtuka. Mimi nilishtuka nikiwa nimechelewa, siku niliyokwenda mwenyewe.

Tulimkuta koko nyumbani kwake, upande wa Kajiado. Nikamsalimu, “Takwenya,” akaitika, “Iko.” Tulipokwisha kunywa chai nikamuuliza, mwanafunzi akitafsiri, ni kwa nini osokonoi ni moto. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji ni majimaji. Akachukua kipande cha gamba akanipa nitafune. Ulimi uliwaka! Olkiloriti je? Akajibu kwamba gamba lake huchemshwa, tena sana, likatiwa katika supu ya nyama, na supu hainywewi baridi. Na olmukutan? Huo, alisema, huendesha tumbo ukatoa minyoo, basi tumbo linawaka.

Hayo yalikuwa majibu matatu kwa maswali matatu tofauti: ladha, namna ya kupika, na hisia za tumbo. Hakuna hata moja lililohusu asili ya kitu katika mizani ya majimaji manne. Koko alitujibu kwa adabu kwa sababu tulimuuliza, naye aliona si vizuri kumrudisha mgeni mikono mitupu. Sisi tukaichukua adabu yake tukaifanya data.

Tulipoacha kuuliza moto na baridi, akatufungulia mpangilio wake mwenyewe. Katika Kimaa neno *olchani* ni mti na pia ni dawa. Huhitaji maneno mawili. Alizungumza habari za nyama na maziwa, vitu ambavyo kwa desturi ya zamani havikuliwa siku moja, na jinsi tumbo lilivyosafishwa mtu akitoka kwenye kimoja kuingia kwenye kingine. Alieleza vijana waendao olpul kula nyama, na magamba yanayotiwa katika supu yao ili nyama ile isiwalemee. Huo ni mpangilio kamili, na mhimili wake ni usafi wa tumbo na mpishano wa vyakula. Kuubana ndani ya safu yangu kungekuwa kama kupima maziwa kwa rula.

Msinielewe vibaya. Sisemi Kimaa hakijui kuhusisha baridi na maradhi. Neno *oloirobi*, linalotumika kwa ugonjwa wa midomo na kwato wa ng’ombe na pia kwa mafua na homa ya mtu, lina mzizi wa ubaridi, ule ule uliomo katika Enkare Nairobi, yaani maji baridi, jina la mji wetu mkuu. Ila kuita ugonjwa kwa jina la baridi ni jambo moja, na kuwa na nadharia ya vyakula vya baridi ni jambo jingine. Hata Waswahili waliupokea mpango wa Galeni wakaugeuza kwa mahitaji yao. Ngazi nne za ukali, kwa mfano, hutazisikia sokoni.

Wahudumu wa afya nao wana la kuangalia hapa. Mgonjwa wa Kitengela akisema “nina baridi”, huenda anatetemeka kwa malaria, huenda magoti yanamuuma, huenda amejifungua juzi na anajihisi mnyonge. Swali la kumtoa hapo ni jepesi: baridi hiyo imekuingiaje, na umeivunja kwa nini? Jibu la swali la pili ndilo la kuandikwa kwenye kadi. Aliyeivunja kwa asali na tende huku ana kisukari anahitaji kuambiwa, bila dharau, kwamba mizani ya moto na baridi haipimi sukari katika damu. Haipimi pia kiasi cha gamba ambacho tumbo, ini na figo vinaweza kustahimili. Kwa olmukutan hilo si dogo, kwani koko mwenyewe alisema hawapi mjamzito, na kwamba anayezidisha huhara mpaka akaishiwa nguvu.

Mwanafunzi wangu aliifuta ile safu. Badala yake aliweka maswali manne: hupewa nani, baada ya kula nini, nani hapewi, na mtu akizidisha hutokea nini. Ilimbidi arudi kwa kila koko aliyekuwa amemhoji, kazi ya miezi mitatu zaidi, na nauli nikailipa mimi. Yule wa kwanza aliposikia maswali mapya alicheka, akamuuliza kwa Kimaa: “Na yule mwalimu wako, ulimi umepoa?”